Tenda inafungwa wiki ijayo na huna cheti cha BRELA: kwa nini hatutengenezi cha kughushi, na njia halali inavyokwenda

Ombi la kutengenezewa cheti cha kughushi huja kwetu kwa sura tatu. Kuna anayeleta cheti cha jirani na kutaka jina libadilishwe, namba ibaki. Kuna mwenye cheti chake halali anayetaka tarehe irudishwe nyuma miaka mitatu, kwa sababu tangazo la zabuni linadai uzoefu. Wa tatu hana chochote, ila ameambiwa na kishoka fulani kwamba steshenari yoyote yenye printa ya rangi inaweza kumaliza kazi. Wote watatu tunawajibu hapana, na sababu zake zinafaa kuelezwa moja baada ya nyingine, kwa maana mtu akishazielewa huacha kumtafuta fundi mwingine wa kumfanyia.

Cheti cha usajili ni taarifa tu ya kile kilichoandikwa kwenye daftari la Msajili. Daftari lenyewe liko kwenye mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao, ors.brela.go.tz, na mtu yeyote anaweza kutafuta humo jina la biashara au kampuni. Ofisa ununuzi hahitaji kuchunguza mhuri wala ubora wa karatasi. Anaandika namba, anaangalia jina linalotokea. Ukibadilisha jina kwenye cheti cha jirani, namba itamleta jirani. Ukitunga namba, haitaleta kitu. Ukirudisha tarehe nyuma, mfumo utaonyesha tarehe ya kweli.

Kwa zabuni za serikali mambo ni magumu zaidi kwa mghushi. Tangu mwaka 2023 taasisi za umma Tanzania zinanunua kupitia mfumo wa NeST, ambao umeunganishwa na mifumo ya taasisi nyingine, zikiwemo BRELA na TRA. Ukijisajili kama mzabuni unaanza na TIN, na taarifa nyingi zinavutwa zilikotoka badala ya kutegemea ulichopakia. Picha ya cheti inabaki kuwa kiambatisho. Kama haifanani na kilichovutwa, umejishtaki mwenyewe kwa maandishi.

Wengine husema: hii si tenda ya serikali, ni ya hoteli au shule binafsi, hawana NeST. Hapo hebu tazama upande wa malipo. Mteja wa aina hiyo hulipa kwenye akaunti ya benki yenye jina lililo kwenye mkataba, na hutaka risiti ya TRA yenye jina hilohilo. Benki haifungui akaunti ya jina la biashara bila kujiridhisha kwamba jina limesajiliwa. Kwa hiyo hata aliyepita na cheti feki hadi kushinda, anajikuta amenunua mali kwa mkopo, ameipeleka, na hana akaunti ya kupokelea fedha wala risiti ya kutoa. Tunaona hili ndilo hasara inayosahauliwa zaidi, kwa sababu kila mtu huwaza kukamatwa na hawazi kukosa malipo.

Kuhusu sheria, maneno ni machache. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka kifungo cha hadi miaka saba kwa kughushi nyaraka, na anayeiwasilisha huku akijua ni ya uongo anabeba adhabu ileile ya aliyeitengeneza. Ndiyo maana mchapaji na mzabuni wako kwenye mashua moja. Zaidi ya hapo, mamlaka ya kusimamia ununuzi wa umma, PPRA, ina uwezo wa kumfungia mzabuni aliyetumia udanganyifu asishiriki zabuni yoyote ya umma kwa kipindi maalumu, na waliofungiwa hutangazwa hadharani.

Sasa njia ya kweli. Tuichukue kwa mfano mmoja: fundi cherehani wa Kihonda, Morogoro, ana mashine nne na wasaidizi wawili, na anataka kuomba tenda ya kushona sare za shule. Zimebaki siku tisa za kazi. Ana kitambulisho cha NIDA na TIN yake binafsi. Hana jina la biashara wala leseni.

Swali la kwanza ni kama anahitaji kampuni. Mara nyingi hahitaji. Asome nyaraka za zabuni: zikitaka cheti cha usajili wa biashara bila kutaja kampuni, jina la biashara linatosha. Kama maneno hayaeleweki, aiulize taasisi iliyotangaza zabuni kabla ya muda wa maswali kwisha. Kampuni inahitaji katiba yake, wakurugenzi wenye TIN, na ada inayopanda kulingana na mtaji. Kwa siku tisa, na kwa biashara ya mtu mmoja, jina la biashara ndilo la busara. Ila ajue kwamba jina la biashara si mtu mwingine mbele ya sheria. Mkataba utakuwa wake yeye, na deni litakuwa lake yeye.

Siku ya kwanza afungue akaunti kwenye ORS, ule mfumo wa BRELA wa mtandaoni, kwa namba yake ya NIDA, barua pepe na simu anazozitumia mwenyewe. Hapa tunasisitiza sana. Vijana wa mtaani humfungulia mtu akaunti kwa barua pepe yao, na siku akitaka kubadilisha anwani au kupakua cheti tena, analazimika kumtafuta kijana ambaye ameshahama mji.

Kabla ya kujaza fomu, atafute jina analolitaka humohumo kwenye mfumo. Jina linalokaribiana mno na lililopo litakataliwa, hata kama tofauti ni herufi moja au neno kama “Mpya” lililoongezwa mwishoni. Maneno yanayoashiria serikali au taifa nayo huleta kikwazo, na jina la biashara halipaswi kuishia na “Limited”, kwa kuwa hilo ni la kampuni. Awe na majina mawili au matatu ya akiba yaliyoandikwa pembeni.

Kwenye mfumo achague “Business Name”, kisha ajaze shughuli, anwani na mmiliki. Shughuli ndiyo sehemu inayowaponza wengi. Mfumo unatumia orodha ya shughuli zenye namba, na fundi wetu anapaswa kuchagua utengenezaji wa nguo. Akichagua “biashara ya jumla” kwa kudhani inafunika kila kitu, cheti kitatoka, lakini leseni itafuata shughuli hiyo, na akifika NeST kuchagua maeneo anayotaka kuombea zabuni, nyaraka zake hazitaendana na ushonaji. Kama anauza pia vitambaa, aongeze shughuli hiyo ya pili sasa hivi.

Anwani iandikwe hadi mwisho: mkoa, wilaya, kata, mtaa, namba ya nyumba au kiwanja. Majina ya mmiliki yafanane na NIDA herufi kwa herufi. Aliyezoea kujiita kwa majina mawili huku kitambulisho kikiwa na matatu ndiye anayerudishiwa maombi.

Baada ya kujaza, fomu inapakuliwa, inasainiwa kwa mkono, inaskaniwa na kupakiwa tena. Picha ya simu iliyopigwa kwenye kivuli, yenye kona iliyokatika, ni sababu tosha ya kurudishwa. Iskaniwe ikiwa bapa, kurasa zote, katika faili moja la PDF. Kisha mfumo unatoa kontroo namba. Ada ya kusajili jina la biashara ni shilingi 20,000, na inalipwa kwa simu au benki kwa kontroo namba hiyo tu. Anayekuomba utume fedha kwenye namba yake ya simu ili “aharakishe” hana uhusiano na malipo ya serikali.

Maombi yasiyo na dosari hupita ndani ya siku chache. Yenye dosari hurudi na maelezo ya kilichokosewa, na hapa siku nyingi hupotea bure, kwa sababu mwombaji anasubiri kupigiwa simu wakati maelezo yamekaa kwenye akaunti yake. Aingie kuangalia kila asubuhi. Akirekebisha, arekebishe alichoambiwa pekee. Kinachotoka mwishoni ni cheti pamoja na taarifa ya usajili inayoonyesha mmiliki, anwani na shughuli. Avipakue vyote viwili, kwa kuwa benki na kamati za tathmini huuliza pia hiyo ya pili.

Huku akisubiri, asikae. Aandae mkataba wa pango wa chumba cha kushonea na utambulisho wa serikali ya mtaa, kwani TRA watavihitaji. TIN yake binafsi aliyoipata kwa ajili ya leseni ya udereva, kwa mfano, haitoshi kama ilivyo. Inabidi ihuishwe iwe ya biashara, na hatua hiyo hailipiwi. Kinacholipiwa ni kodi yenyewe baada ya kufanyiwa makadirio. Akishamalizana nao anaomba cheti cha kutodaiwa kodi, ambacho wengi hukiita klirensi.

Klirensi, TIN na cheti cha BRELA ndivyo vinavyomfikisha kwenye leseni ya biashara. Kwa ushonaji wa kiwango hiki leseni hutolewa na halmashauri, na maombi hufanywa kwenye mfumo wa TAUSI. Mpangilio huu hauruki. Anayeanza na leseni kabla ya TRA anarudishwa TRA, na anayekwenda TRA kabla ya BRELA atarudi tena kuongeza jina la biashara.

Akaunti ya NeST iwe ya mwisho, baada ya leseni kutoka, ili achague eneo la biashara linalolingana na leseni. Asiache kazi hii hadi saa ya mwisho, maana mfumo hufunga zabuni wenyewe kwa saa iliyotangazwa na hakuna mlango wa nyuma wa kupeleka bahasha.

Je, siku tisa zinatosha? Kama hakuna kitu kitakachorudishwa, inawezekana. Maombi ya BRELA yakirudi mara moja, au makadirio ya TRA yakichelewa, muda utakwisha akiwa hatua ya leseni. Hapo bado ana njia moja halali: kuingia ubia na fundi mwenzake ambaye tayari amesajiliwa, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema nani anashona nini na nani analipwa vipi, mradi nyaraka za zabuni zinaruhusu ubia na masharti ya kila mbia yametimizwa. Kama kwenye ubia hata fundi wetu anatakiwa awe na leseni kamili, basi mwenzake aombe peke yake, na fundi wetu apewe sehemu ya kazi kwa makubaliano yanayokubalika kwenye zabuni hiyo.

Na yule anayetaka tarehe irudishwe nyuma kwa ajili ya uzoefu? Uzoefu hauthibitishwi kwa tarehe ya cheti. Kinachotazamwa ni mikataba, hati za kuagiza kazi, hati za kupokelea mali na barua za wateja. Fundi aliyeshona sare za shule mbili kabla ya kusajili jina aziombe shule hizo barua zenye tarehe, idadi ya sare na thamani ya kazi, akitajwa kwa jina lake binafsi, kwa kuwa mwenye jina la biashara ni yeye huyohuyo. Kama tangazo linadai miaka mitatu ya biashara iliyosajiliwa, tenda hiyo haimhusu mwaka huu. Atafute zenye masharti mepesi, na kama ni mwanamke, kijana, mzee au mtu mwenye ulemavu aliye kwenye kikundi kilichosajiliwa, aangalie zile zilizotengwa: taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, na taasisi hutangaza mipango yao ya ununuzi ya mwaka kwenye NeST. Fundi mwenye vyeti vyake tayari ataona humo ni taasisi gani imepanga kununua sare na kwa kipindi gani, muda mrefu kabla ya tangazo lenyewe kutoka.