Kunyoa ndevu mara ya kwanza: jua kwanza zinalalia wapi

"Habari wakuu. Nina miaka 16, nipo Mtwara. Ndevu zimeanza kidevuni na shingoni, nataka kunyoa mwenyewe. Ninunue wembe gani, na ninyoe kwenda juu au chini? Rafiki yangu alinyoa, shingo nzima ikajaa vipele."

Mdogo wangu, nimewahi kufanya kazi saluni hapa Lindi mjini, na vijana wa nyumbani wamejifunzia kunyoa mbele yangu. Nianze na hivyo vipele vya rafiki yako, maana ukielewa vinatoka wapi, mengine yote yatakuja yenyewe.

Ndevu zetu wengi zimejikunja. Ukiukata unywele uliojikunja karibu mno na ngozi, unabaki na ncha kali. Ukianza kukua unapinda, unarudi na kuchoma ngozi pembeni ya pale ulipotokea, au unachimba humo humo chini kabla haujatoka nje. Mwili unaupokea kama mwiba: panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha. Kwa hiyo kwa nywele za namna hii, shabaha si shavu linaloteleza kama kioo. Nyoa uso uonekane safi, lakini ukipitisha kidole usikie mkwaruzo kidogo. Mkwaruzo huo ndio usalama wako.

Hapo ndipo uchaguzi wa wembe unapoingia. Dukani utaonyeshwa vile vyenye nyembe tatu au nne zilizopangana, na bei yake itakufanya udhani ndiyo bora. Kazi yake ni hii: wembe wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata ukiwa umevutwa, kisha kisiki kinarudi kujificha chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka ni sawa. Kwa wetu ni kualika vipele. Wewe chukua kile cha plastiki cha kutupa chenye wembe mmoja, ni chepesi na hakikupi nafasi ya kukosea sana. Baadaye mkono ukizoea, tafuta ile mashine ya chuma inayofungwa wembe wa kawaida wa makali mawili. Wembe mtupu wa kushika kwa vidole uache kabisa, kwa sababu vidole haviwezi kushikilia mlalo uleule kutoka sikioni hadi kidevuni. Na wembe ni wa mtu mmoja. Usiazimane hata na kaka yako wa tumbo moja, maana damu kidogo tu isiyoonekana inaweza kupitisha homa ya ini.

Sasa juu au chini. Jibu limo kwenye shingo yako mwenyewe. Watu wengi huambiwa "nyoa kwenda chini" wakashika hivyo hivyo. Shavuni na kidevuni ni kweli kwa karibu kila mtu, lakini shingoni ndevu hazina utaratibu huo. Za chini ya kongomeo mara nyingi zinapanda juu, na za pembeni zinaweza kulala kuelekea nyuma ya sikio. Ukinyoa kwenda chini mahali ambapo zinapanda, umenyoa kinyume bila kujua, na hapo hapo ndipo vipele vitakapotokea.

Ziache zikue siku tatu au nne, kisha kabla hujaulowesha uso, kaa penye mwanga na upitishe ncha ya kidole polepole: juu, chini, kushoto, kulia. Upande unaoteleza ndiko zinakolalia. Upande unaokwaruza ni kinyume. Kama nywele ni laini mno kuzisikia kwa kidole, pitisha pamba kavu na utaona inanasa wapi. Chora shingo kwenye karatasi na uweke mishale.

Mtoto wa dada yangu tulimchora hivyo. Ndevu zake za kidevuni zilishuka chini moja kwa moja. Shingo upande wa kulia ilishuka pia, lakini upande wa kushoto, kuanzia usawa wa kola, zote zilikuwa zinapanda kuelekea sikioni. Karatasi tukaibandika pembeni ya kioo, maana povu likishapakwa huoni kitu.

Akaoga kwanza. Hili si pambo: unywele uliokunywa maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu unalainika na kukatika bila kuvutwa. Kisha povu. Sabuni ya kuogea inatosha ikitoa povu zito, ila kama kwenu mnatumia maji ya kisima ya chumvi, povu litakataa. Tumia ya mvua au ya bomba kwa uso tu. Akaliacha povu likae kidogo usoni, halafu akaanza mashavuni, ambako ni rahisi, ili povu la shingoni na la juu ya mdomo lipate muda zaidi.

Mkono wake ulienda hivi: kichwa cha mashine kimegusa shavu, mpini umeinuliwa kiasi tu wembe uanze kushika, kisha hatua fupi za sentimita mbili, suuza, hatua nyingine. Asikandamize. Hatua ndefu na mkono mzito ndivyo vinavyokata watu. Kitu kingine kinachokata ni wembe kuteleza kiubavu, kwa hiyo ukitaka kuhama, inua kwanza. Juu ya mdomo aliivuta midomo ishuke juu ya meno, akanyoa kutoka puani kuja chini. Kwenye kongomeo aligeuza kichwa pembeni ili ngozi ihame pale penye mfupa, akapita palipo bapa. Chunusi alizizunguka. Shingo kulia akashuka, kushoto akapanda, bila kuivuta ngozi kwa vidole, kwa sababu ngozi ikivutwa, wembe unaukata unywele chini mno.

Alipomaliza alitaka kurudia chini ya taya, palipobaki vinywele. Nikamwambia aache. Mara moja inatosha. Kurudia mahali pakavu pasipo na povu ndiko kunakoacha ngozi inawaka.

Alijikata kidogo karibu na taya. Maji baridi, kitambaa safi, bonyeza dakika mbili bila kuchungulia. Ikigoma, lowesha shabu na uguse polepole. Ile spiriti ya vibandani inachoma na kukausha ngozi, sioni haja yake. Maliza kwa maji baridi, jikaushe kwa kugusia taulo, usisugue. Mafuta yawe mepesi. Ya nazi usoni kwa kijana mwenye chunusi yanaweza kuzidisha. Joto letu na jasho vitakuwasha ukitoka juani mara moja, basi nyoa jioni.

Wembe usuuze, ukung'ute, uweke pakavu nje ya bafu, kwa sababu hewa ya pwani inautia kutu upesi. Ukianza kusikia unavuta badala ya kukata, tupa siku hiyo hiyo.

Siku mbili tatu baadaye angalia shingo. Vipele viwili vitatu upande mmoja maana yake mshale wa upande huo ulichorwa vibaya, upime tena kwa kidole. Vikiwa vingi, weka wembe chini mwezi mzima hadi nywele zitoke nje, na baada ya hapo tumia mashine ya umeme inayobakiza kama milimita moja. Kama baba au wajomba zako wana vipele vya ndevu, anza na mashine hiyo tangu mwanzo. Usivitumbue wala kung'oa nywele kwa kibano. Vikitunga usaha, vikiuma, au vikianza kuwa vigumu na kuacha makovu yaliyoinuka, nenda hospitali mapema, maana makovu ya aina hiyo ni magumu kuyaondoa yakishakomaa.