Zuhura mwanangu, kuhusu Idi na sindano

"Baba, Idi ana miaka 7 na ameng'ang'ania kushona mwenyewe kifungo cha shati la shule. Nimtungie sindano mimi halafu yeye ashone, au ninunue kile kiwaya cha kutungia uzi?"

Zuhura mwanangu,

Salamu zako zimefika, sote wazima. Umenirudisha barazani Ngamiani, enzi zile mtoto wa jicho alipokuwa amemziba babu yako macho yote mawili, na kaka yako Hamisi ameshikwa na hamu hiyohiyo ya mwanao. Wewe ulikuwa ukitambaa.

Babu hakuweza tena kutunga, lakini alijua kila kinachofanya uzi ugome. Alimkalisha Hamisi mwanga utoke nyuma ya bega la kushoto, maana ukitoka kulia kivuli cha mkono huangukia tundu la sindano. Uzi ulikuwa mweupe, basi akamtandikia kitambaa cheusi pajani. Mbele ya kanzu nyeupe uzi huo hauonekani hata kwa macho mazima. Akampimia dhiraa 2, karibu sentimita 90, ukikunjwa unabaki nusu yake. Ukizidi hapo hujisokota na kujifunga mafundo.

Kisha akaipapasa ncha kwa kidole gumba, akasema, "Umeing'ata." Kweli Hamisi alikuwa ameukata kwa meno. Meno huichanua ncha, unyuzi mmoja ukaingia, mwingine ukabaki nje na kuurudisha uzi wote. Akaikata upya kwa mkasi, mshazari. Halafu akambanisha uzi kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ncha ichungulie milimita 2 tu, akamwambia alete sindano kwenye uzi, si uzi kwenye sindano. Ncha ndefu ikigusa chuma hupinda. Iliyobanwa hivyo haina pa kupindia. Ikikataa, aigeuze sindano, kwani tundu mara nyingi huwa laini upande mmoja kuliko wa pili.

Mnanijua kwa neno langu, nami nalirudia: sindano hutungwa kwa vidole, macho ni wasaidizi.

Sasa hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Hamisi alikuwa karibu kufaulu, shangazi yako akatoka ndani, akaona muda wa shule unakwisha, akamnyang'anya sindano, akaitunga mara moja na kumrudishia. Babu akauliza, "Nani ametunga?" Alipojibiwa, akaichukua sindano, akauvuta uzi ukatoka wote. Hawakusemezana mpaka magharibi. Shangazi hakuwa na kosa kubwa, shule ina saa yake na shati halikuwa na kifungo cha juu. Lakini mtoto naye vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuelewa! Kila nikimpa haki mmoja, wa pili ananijia na hoja yake.

Jioni Hamisi akatunga. Akapiga mishono 2 midogo mahali pa kifungo ili uzi ushike nguo, akaweka kifungo cha matundu 4, akapita mara 3 kwa kila jozi ya matundu. Akafunga fundo, akampa Babu kwa furaha. Babu akapitisha ukucha chini ya kifungo, ukakwama. "Fumua."

Mama yenu alimwona Babu mkali, mimi sikumwona hivyo. Kifungo kilichobana hakina nafasi ya ule upande wenye tundu kukaa chini yake. Ukikifunga, nguo hujikunja, na kila ukivuta, nguvu yote huishia kwenye kitambaa. Siku moja kifungo hung'oka na kipande cha shati. Kwa hiyo mara ya pili Babu alilaza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, mishono ikapita juu yake. Walipoichomoa uzi ukalegea, kifungo kikavutwa juu, sindano ikatokea kati ya kifungo na nguo, na uzi ukazungushwa mara 5 kufanya shingo. Mwisho, mishono 2 nyuma, fundo, mkasi. Ukucha ukapita. Babu alicheka mpaka akakohoa. Hamisi alilala na lile shati.

Kile kiwaya sikukatazi. Huchomoka kwenye kishikio ukilazimisha uzi mnene, ila kwa mtu wa macho kama ya Babu kinafaa sana. Idi macho yake ni mazima, nami ningesema... basi, mtoto ni wako. Ukinunua sindano, mchagulie namba 5, si 10. Kwa sindano za mkono namba ikipanda sindano huwa nyembamba na tundu hupungua. Akimaliza, nitumie picha ya upande wa ndani wa shati, huo wa nje sina haja nao.

Baba yako