Retinoli ya kapsuli: isipochoma siku ya kwanza, usiharakishe

Msomaji mmoja wa Ntinda, Kampala, amenunua seramu ya retinoli, aina ya vitamini A ya kupaka usoni, iliyofungwa kwenye kapsuli. Muuzaji alimhakikishia kwamba hii haichomi, hata kwa anayeanza, basi akawa anaipaka kila usiku. Siku sita za kwanza hakuhisi kitu. Siku ya kumi, maji matupu ya kunawia yalimwasha usoni kama yametiwa pilipili, na pembeni mwa pua ngozi ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Anauliza kama ameuziwa feki.

Dada, huenda seramu yako ni nzima kabisa. Ulichoambiwa ndicho kilichokuwa nusu.

Ngozi haiitumii retinoli kama ilivyo. Huigeuza kwanza kuwa retinaldehidi, kisha asidi ya retinoiki, na asidi hiyo ndiyo inayoziamuru seli zijifanye upya haraka. Hiyo hiyo ndiyo inayoleta ukavu na kubanduka. Kapsuli, iwe ni kitone cha mafuta kisichoonekana kwa macho au punje yenye vitundu kama sifongo, haiondoi hatua hizo. Inailinda retinoli isiharibiwe na hewa na mwanga, kisha inaiachia kidogo kidogo badala ya kuimwaga yote kwa mpigo. Kwa hiyo ule mchomo wa mwanzo hupungua kweli. Lakini retinoli iliyoingia usiku wa leo inaongezewa na ya kesho na ya keshokutwa, na ngozi ambayo haijazoea hulipa deni hilo baadaye, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Kutochomwa siku ya kwanza si ruhusa ya kupaka kila siku.

Teknolojia yenyewe si porojo. Tretinoini ya 0.1%, dawa ya chunusi ambayo ndiyo asidi ya retinoiki yenyewe, iliyotiwa kwenye punje za sifongo iliidhinishwa Marekani mwaka 1997, na iliwasha kidogo kuliko krimu ya kawaida ya kiwango hicho hicho. Ila hiyo ni bidhaa iliyopimwa. Neno kapsuli kwenye chupa nyingine halirithi vipimo vyake.

Sasa tazama lebo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme imeandikwa 2%. Ikiwa hiyo ni asilimia ya kapsuli, na kapsuli zenyewe zina retinoli sehemu moja tu ya kumi, basi retinoli halisi ni 0.2%. Upole unaousifu huenda unatokana na udogo wa kiwango, wala si ufundi wa kapsuli. Lebo isipotaja kiasi cha retinoli yenyewe, muulize muuzaji. Akishindwa kujibu, chukua iliyoandika wazi, 0.1% hadi 0.3%. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 0.3% kwa vipodozi vya uso, na kwa anayeanza hicho ni kingi tayari.

Tupige hesabu ya dada wa Ntinda. Kiasi cha punje moja ya njegere ni kama robo gramu. Kwa 0.2%, hiyo ni nusu miligramu ya retinoli. Kila usiku kwa siku kumi amejipaka miligramu 5. Angepaka mara mbili kwa wiki, siku hizo hizo zingekuwa na miligramu 1.5 tu, na kila mara ngozi ingepumzika usiku mbili au tatu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ambayo kapsuli yoyote inaweza kukuletea.

Basi aache kabisa sasa. Anawe kwa maji na sabuni laini, apake krimu nzito isiyo na manukato, na asubuhi losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Asirudi mpaka krimu ya kawaida isimchome hata kidogo kwa siku tano mfululizo. Akirudi, iwe Jumatatu na Alhamisi usiku kwa wiki nne: uso mkavu, krimu kwanza, njegere moja ya seramu, krimu tena. Vaselini kidogo pembeni mwa pua na midomo, maana ngozi ya pale ni nyembamba na seramu hujikusanya. Aipake kwa kugusa tu, asisugue. Kapsuli nyingine hupasuka kwa msuguano na kumwaga yote.

Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu, huenda msiuone. Angalieni ngozi inayobana, inayong'aa kama imepigwa pasi, au inayoanza kuwa nyeusi zaidi pale inapowasha. Mkiendelea kupaka hapo, mwasho unaacha madoa yanayodumu miezi. Uso ukivimba au kuwasha hata mahali ambapo hamkupaka, huo huenda ni mzio: iacheni na mwone daktari wa ngozi. Mwenye mimba, au anayeitafuta, asiiguse retinoli ya aina yoyote, hata ya kapsuli.